Kinini ya Uchungu na Kopo ya Maziwa

Mutoto mwenye anakataa dawa, mimi simubembelezi. Ninamuweka mu miguu yangu, kichwa juu, mukono wake moja nyuma ya mugongo wangu, na kijiko inaingia pembeni, ku shavu, polepole. Pua simufungi. Kuko bamama mu kartié yetu, mutaa wetu, banafunga mutoto pua ili afungue kinywa kwa nguvu, na munganga wa dispanseri yetu alitukataza kabisa, akasema dawa inaweza kupita njia ya pumuzi na kuingia mu mapafu. Basi mimi sifungi pua. Lakini huruma ya maneno mengi, “kunywa mama, kunywa malaika wangu,” ile pia sina. Nililea batoto sita bila malaika.

Kile kipindi mutoto wa binti yangu alikuwa kwetu, hapa Ruashi. Mama yake anafanya biashara ndogo kule Sakania, ku mupaka, na kila mara anaenda, mutoto anabakia na sisi, mimi na bwana yangu. Ni mutoto mwanamuke. Masomo alikuwa hajaanza, kinywa yake tu njo ilikuwa imeshaanza.

Homa ikamushika. Sisi tulizani ni palu, juu mu mvua ya mwaka uliopita palu ilikuwa imemulalisha chini kabisa. Munganga akamupima, akasema hapana, malaria haiko. Akamukandakanda tumbo, akatuuliza maji ya kunywa inatoka wapi. Nikamwambia ukweli: bomba ikikauka tunachota ku kisima ya jirani. Akachukua damu, akangoja matokeo, akasema ni tifoidi. Akatupa kinini ya sipro. Sisi hapa kinini ni kila dawa ya kumeza, hata kama haiko ya palu. Sirop ya mutoto hakukuwa. Ilikuwa kinini ya bakubwa, ya kukata, kusaga, kipande asubui na kipande mangaribi.

“Na munachemsha maji,” akasema. “Yote. Hata ya kusukutua kinywa.”

Ile dawa niliionja mbele ya kumupa mutoto. Kuko uchungu ya majani, yenye inapiga ulimi na kupita. Hii haipiti. Inakaa nyuma ya ulimi, na hata chai yenye utakunywa kisha, utaisikia ndani.

Siku ya kwanza mutoto alitema yote. Alitema ku kitenge yangu, ku mukeka, ku muguu ya meza. Binti yangu akapiga simu toka Sakania.

“Mama, tia mu uji. Hatasikia.”

“Uji ya sahani nzima? Akila vijiko viwili akakataa, ile ingine inabakia, dawa iko wapi?”

“Basi tia mu fanta.”

“Fanta ya chupa nzima?”

“Mama, wewe unakataa kila kintu!”

“Sikatai kila kintu. Ninakataa dawa kubakia mu sahani.”

Hii ndiyo akili ndogo yenye niko nayo juu ya dawa, na sikuipata ku masomo, juu masomo yangu iliisha mapema. Ukitia dawa mu chakula mingi, mutoto analazimishwa kumaliza chakula mingi. Mutoto mugonjwa hamalizi. Basi nikaendelea na maji, kijiko moja, na nguvu ya mikono yangu.

Kisha ikawa ajabu. Mutoto akaanza kumeza. Asubui ananuna, anakunja uso, machozi inashuka, lakini anameza. Mangaribi sikukuwa nyumbani, juu tulikuwa na sala ya kartié kwa ajili ya mama moja aliyefiwa, na bwana yangu njo alikuwa anamupa. Nikirudi namuuliza, “Muzee, amekunywa?” Anajibu, “Yote. Hata tone haikubakia.” Mimi nikajisifu mu roho. Nikasema, unaona, mutoto akijua kwamba hakuna kubembelezwa, anakubali.

Lakini homa haikutoka.

Munganga alikuwa ametuambia mbele kwamba tifoidi haina haraka, hata dawa ikiwa nzuri homa inaweza kukaa siku kazaa, tusiogope mapema. Tukangoja. Asubui mutoto iko vuguvugu, mangaribi anawaka kama mbabula ya makala. Akaanza kukonda ku shingo. Kinywa yake, ile yenye ilikuwa haifungwi, ikafungwa. Hakuuliza tena gari inaenda wapi, juu ya nini kuku hana meno. Mutoto wa kelele akinyamaza, nyumba inaogopa. Mimi niliogopa, hata kama sikuonyesha. Hapa kwetu kila muntu anajua mutoto mwenye tifoidi ilimutoboa matumbo.

Tukarudi ku dispanseri, mimi na bwana yangu, mutoto ku mugongo wangu. Ilikuwa asubui, ku benchi tulikuta bamama na batoto babo, na ile harufu ya dawa ya kusafishia chini. Munganga wetu ni mwanamuke wa miaka kama ya binti yangu mukubwa, mufupi, sauti ya juu. Tunamuita Docta, na yeye anasema kila mara kwamba haiko docta, na sisi tunaendelea kumuita Docta.

Akamulaza mutoto, akakanda tumbo tena, akaangalia uso yake na si uso ya mutoto tu, uso yetu pia.

“Tumbo iko laini,” akasema. “Ni vizuri. Anakunywa maji?”

“Anakunywa.”

“Anatapika?”

“Hapana.”

“Dawa anapata kila siku, mara mbili?”

“Mara mbili,” nikasema. “Asubui mimi mwenyewe, na maji. Mangaribi muzee.”

Akavuta pumuzi. Akasema wakati mwingine ile microbe ya tifoidi inakuwa na kichwa ngumu, sipro haiiwezi tena, na kama ni vile, mutoto lazima aende lopitali kubwa, kuwekewa dawa ingine ku mushipa. Akashika kalamu ili aandike karatasi ya kutupeleka.

Mutoto akasikia neno sindano ku midomo ya mama moja kwenye benchi, akaanza kulia. Kilio ndogo, bila nguvu.

Hapo bwana yangu akasimama. Sasa lazima nimuseme bwana yangu. Alifanya kazi miaka mingi ku furu, kule banayeyushia shaba, na alitoka na kikohozi na kiburi. Kwao ku furu, kampani ilikuwa inabapa maziwa. Kila muntu wa moto alikuwa na kopo yake ya maziwa, juu banasema maziwa inaua sumu ya moshi. Mpaka leo, kwake maziwa ni dawa ya kila kintu kali. Akimeza vumbi ya barabara, maziwa. Jirani akipaka rangi ku nyumba, maziwa.

“Docta,” akasema, “ngoja kwanza. Usiandike.”

“Papa?”

“Kuko kintu.” Akageuza kofia yake mu mikono. Hakuniangalia. “Mimi… mimi ninamupa maziwa.”

“Wakati gani?”

“Asubui, muke wangu akishamaliza kumutesa, mimi namupeleka nyuma ya nyumba, namupa kopo. Ya unga. Ninaikoroga nzito.”

“Palepale kisha dawa?”

“Mara moja. Dawa ingali ku ulimi.”

“Na mangaribi?”

“Mangaribi,” akasema, na sauti ikashuka, “ninasaga kinini ndani ya maziwa yenyewe. Anakunywa kama maji. Hata tone haibakii.”

Bamama ba benchi bakageuka. Mimi nikamuangalia ule muzee wangu. Kumbe nguvu yangu, ukali wangu, miguu yangu yenye kubana, vyote havikufanya kitu. Mutoto alikuwa anameza juu kopo ilikuwa inamungoja nyuma ya nyumba.

“Muzee!” nikasema.

“Si ni yeye alisema!” akanijibu, akaonyesha munganga na kofia. “Docta, ni wewe mwenyewe! Wakati wa palu, mvua iliyopita. Ulisema, hii dawa mumupe na maziwa, ao na chakula yenye mafuta. Mimi nilikuwa hapa. Nilisikia na masikio yangu mbili.”

Munganga akaweka kalamu chini. Nilizani atakasirika. Akacheka, lakini kicheko ya muntu mwenye amepata funguo.

“Nilisema, Papa. Na palu ilipona?”

“Ilipona.”

“Ile ilikuwa dawa ya palu. Ile inapenda mafuta. Tumbo ikiwa tupu, inaingia kidogo tu mu damu. Maziwa inaisaidia kuingia. Hii ya leo iko na tabia ingine. Mu maziwa muko kile kinafanya mifupa iwe ngumu, banaita kalsiamu. Sipro ikikutana nayo mu tumbo, vinashikana. Vikishashikana, ile sehemu ya dawa haiingii tena mu damu. Inapita tu, inatoka chooni.”

Mimi niliiona mu kichwa yangu kama bantu babili banakumbatiana ku mulango: hakuna mwenye anaingia.

“Lakini ku furu,” bwana yangu akasema, hakutaka kuanguka bila kupigana, “maziwa ilikuwa inaua sumu.”

“Papa, moshi ulikuwa unaingia wapi?”

“Mu mapafu.”

“Na maziwa?”

Akafikiri. “Mu tumbo.”

“Basi vilikutania wapi?”

Bamama ba benchi bakacheka. Moja akasema, “Muzee, vilikutania ku ofisi ya kampani!” na bwana yangu mwenyewe akacheka, mwisho akakohoa.

Munganga hakutuapia kitu. Hili njo jambo ninamushukuria sana. Hakusema, ni maziwa, nendeni mukalale. Alisema: “Inawezekana ni maziwa. Inawezekana ni microbe ya kichwa ngumu. Sijui bado. Dawa kidogo ilikuwa inaingia, haitoshi. Tumbo iko laini, mutoto anakunywa, anatutambua. Basi tunajaribu vizuri, na kila asubui munamuleta hapa nimuangalie. Tumbo ikiwa ngumu, ao akitapika kila kitu, ao damu ikionekana ku choo, ao akalala sana hamuwezi kumuamusha, hamungoji asubui. Munaenda lopitali palepale.”

Kisha akauliza kama kuko sirop ya damu mu nyumba, ile ya chuma, juu nayo inashikana na sipro vilevile. Hakukuwa. Akauliza, “Na pemba? Mutoto anakula pemba?”

Pemba ni ule udongo mweupe bamama banalamba. Mutoto, mwenye hakusema neno tangu asubui, akanyoosha kidole. Akanionyesha mimi.

“Ni nkambo mama,” akasema. “Ananipa kiloko, kidogo tu.”

Sasa ni bwana yangu njo alicheka. Munganga akasema udongo nao unaweza kukamata dawa mu tumbo, na kwamba hata bila dawa mutoto haiko na kazi nayo. Nikatoa kile kipande mu fundo ya kitenge yangu, nikatupa mu ndoo ya takataka, mbele ya wote. Ilikuwa kipande nzuri.

“Sasa tumupe na nini?” nikauliza. “Juu na maji atatema. Mumeona kitenge yangu.”

“Asali,” akasema munganga. “Mutoto wa mwaka moja kushuka, asali hapana, hata siku moja. Huyu amepita. Munasaga kinini kati ya vijiko viwili, munachanganya na asali kidogo, kijiko moja tu, na anapewa palepale. Hamuachi ikae. Kisha maji ya kunywa, mingi. Na kama kuko barafu, anyonye kipande kwanza. Ulimi ukishapoa hausikii uchungu sana.”

“Na maziwa imeisha maisha yote?” bwana yangu akauliza. Sauti ilikuwa kama banamunyanganya yeye.

“Hapana, Papa. Maziwa ni chakula, na huyu amekonda. Lakini ikae mbali. Dawa ikitangulia, maziwa ingoje saa mbili nzima. Maziwa ikitangulia, dawa ingoje masaa sita. Chakula, bukari na mboga, vinaweza kuja, maji inaweza kuja. Maziwa peke yake njo inangoja.”

Asali haikosekani hapa kwetu, banaileta toka pori mu chupa za mafuta, nyeusi, na vipande vya nta ndani. Bwana yangu akatoka mbio, mbio ya muntu wa kikohozi, akarudi na chupa. Munganga akasaga, akachanganya, akasema, “Nani anamupa?”

Nikanyoosha mukono. Munganga akasema, “Hapana, mama. Papa.”

Alimupa yeye kijiko. Sikuelewa juu ya nini, kisha nikaelewa. Mutoto alikuwa anajua kwamba mimi ni uchungu na tata nkambo, babu yake, ni maziwa. Akimeza kijiko ya mikono yangu, atageuka tena kumuangalia yule mwingine. Ilikuwa lazima aikute dawa mu mukono wa maziwa.

“Fungua,” bwana yangu akamwambia.

Akafungua, juu ni yeye. Asali ikaingia, na nyuma ya asali ile dawa. Uso yake ikakunjamana. Akatema yote ku shati ya muzee, yote, akalia: “Tata nkambo, maziwa! Leta maziwa!”

Niliishi na ule mwanaume miaka mingi. Nilimuona akizika ndugu zake, nilimuona siku kazi iliisha. Sijamuona na uso kama ile, na asali inamushuka ku kifua.

“Hapana, mama,” akamwambia mutoto. “Maziwa hapana.”

“Kiloko!”

“Hata kiloko. Maziwa inakula dawa yako.”

Mutoto akamuangalia kama muntu anaangalia mulango ya nyumbani yenye imefungwa. Munganga akasema, “Hakumeza hata tone, imetoka yote. Tunaanza tena.” Akasaga kipande ingine. Mara hii bwana yangu hakusema fungua. Alikaa chini, akamuweka mu miguu yake namna yangu, kichwa juu, akaweka kijiko ku shavu, kiloko, akangoja ameze, tena kiloko. Machozi ilishuka kwa wote babili. Ikaingia. Kisha maji, kopo nzima.

Njo vile tulifanya. Asubui na mangaribi, jirani mwenye frigo anatupa barafu, mutoto ananyonya mpaka anasema ulimi wake umekufa, bwana yangu anasaga, anachanganya, anatoa kijiko. Mimi ninaangalia. Kazi yangu ilibakia maji ya kuchemsha, na kulinda ile kopo ya maziwa. Ilikuja kati ya asubui na midi ya muchana, dawa ikiwa imeshaenda mbali na ya mangaribi ingali mbali pia. Bwana yangu alikuwa anauliza, “Saa imefika?” na mimi, “Bado,” na mutoto, “Bado!” kabla yangu.

Homa haikutoka mara moja. Ilitoka kama mugeni wa kuaga-aga, mwenye anasimama, anafika ku mulango, anakumbuka neno ingine, anarudi kukaa. Mangaribi moja nilimugusa shingo, nikazani ni mukono yangu imezoea moto. Nikaita muzee aguse. Akagusa, akaacha mukono pale. Tukapeleka mutoto asubui, munganga akaweka termomètre mu kwapa, akaangalia, akatuonyesha. Mimi sisomi zile alama vizuri. Nilisoma uso yake.

“Sipro ilikuwa inaweza,” akasema. “Ilikuwa inafungiwa mulango tu.”

Nikamushika mikono mbili. Sina maneno mengi ya kushukuru, sikuzoea. Nilimwambia, “Docta, Mungu akubariki juu haukuandika haraka.” Na yeye: “Mushukuru papa. Kama hangesimama, ningeandika.”

Ni kweli. Ninamushukuru. Mwanaume wa furu, mbele ya bamama, kusema mimi njo nilifanya hivi, ile haiko rahisi kuliko kumeza sipro. Njiani nilimwambia, “Muzee, aksanti.” Akajibu, “Ya nini?” Nikasema, “Tembea.”

Mutoto akaanza kuomba bukari, ugali wetu. Hapo bwana yangu akataka kuacha dawa. “Amepona, unaona, anakimbia na kuku. Tumutese juu ya nini?” Nikamwambia munganga alisema mpaka kumaliza, hata homa ikiisha, juu ile microbe ikibakia kiloko inaota tena. Akasaga. Ananung’unika, lakini anasaga.

Siku binti yangu alirudi toka Sakania na mabulungu yake, mizigo ya biashara, alikuta kipande ya mwisho ya mwisho. Alikaa ku mukeka aone. Mutoto akanyonya barafu, akachukua kijiko yeye mwenyewe mu mukono wa tata nkambo, akameza, akakunja uso mpaka macho ikapotea, akakunywa maji, akapumua.

“Iko namna gani?” mama yake akamuuliza.

“Iko kali,” akasema. “Iko kali kama nkambo mama.”

Binti yangu akaziba kinywa. Bwana yangu akageukia ukuta, mabega inatetemeka. Mimi nilikaa na ule ukali wangu, nikamuangalia mutoto mwenye nguvu ya kunitukana imemurudilia, na sikumukatalia.